Mirunda, Mabomba na Ubao wa Kusimamia

Mkunya, kama ilivyo Newala na Masasi kwa jumla, nyumba hupanda kwa fedha za korosho. Minada huanza Oktoba, malipo hupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya TANECU upande wa Newala na MAMCU upande wa Masasi, na hadi mkulima ayashike mkononi mara nyingi ni Novemba au Desemba. Hapo tofali zilizokaa uani tangu mwaka jana zinaanza kutembea, na mafundi wanagombaniwa. Bahati mbaya mvua nazo hufungua milango wakati huohuo. Kwa hiyo kiunzi cha nyumba nyingi za uwandani kinasimamishwa kwa haraka, juu ya mchanga mwekundu uliolowa, kwa miti iliyopatikana wiki hiyo.

Mwenye nyumba akiwa na uwezo kidogo humwuliza fundi kama si bora akodi mabomba ya chuma Masasi mjini aachane na mirunda. Ni swali la haki, lakini linaanzia mahali pabaya. Nguzo yenyewe, iwe mti au bomba, si mahali ambapo kiunzi huanza kushindwa. Hushindwa penye fundo la kamba, penye msumari, chini ya mguu, na zaidi ya kote, penye ubao anaokanyaga mtu. Nitaeleza vifaa vyote viwili, lakini msomaji asishangae nikiukalia ubao kwa muda mrefu kuliko nguzo.

Tuanze na mti. Mrunda mzuri wa kiunzi ni wa mkaratusi au mti mwingine ulionyooka, uliokauka, uliotolewa gome. Gome linaficha nyufa, linaficha mchwa, na kamba iliyofungwa juu yake hulegea mara gome linapobanduka. Mti mbichi una tatizo jingine. Unapokauka unasinyaa, na fundo lililobana vizuri Jumatatu linakuwa limelegea wiki ya pili bila mtu yeyote kuligusa. Msumari uliopigwa kwenye mti mbichi nao hupoteza mshiko wake kadiri unyevu unavyotoka.

Kuna jambo la mti ambalo macho hulidharau, nalo ni kwamba mrunda si mnene sawa kutoka shina hadi ncha. Shina linaweza kuwa na sentimita 12 na ncha sentimita 6. Mtu huona nusu, akadhani nguvu nayo ni nusu. Sivyo. Uwezo wa mti wa duara kuhimili kupindwa hufuata kipenyo kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe, kwa hiyo ncha ya sentimita 6 ina sehemu moja kati ya nane ya nguvu ya shina la sentimita 12. Ndiyo maana mafundi wazoefu hawaweki ncha zote upande mmoja wa jukwaa. Huzipishanisha, shina kwa ncha, na ncha iliyo nyembamba mno huikata wakabaki na mti mfupi wa kuaminika.

Adui mkubwa wa mrunda huku ni mchwa. Nguzo ya mti kwa kawaida huchimbiwa ardhini kama sentimita 60, na ardhini ndiko anakoanza kula. Anakula kwa ndani na kuacha ganda zima, hivyo nguzo iliyobaki imesimama tangu msimu uliopita inaweza kuonekana imara na kumbe ni bomba la udongo. Kuipima ni kazi ya dakika moja: fukua kidogo pale mti unapoingia ardhini, gonga kwa nyundo, kisha chokoa kwa ncha ya kisu au msumari. Mti mzima hutoa mlio mkavu na kisu hukwama juu juu. Mti ulioliwa hulia kwa kina na kisu huzama.

Vifungio ndivyo vinavyotenganisha kiunzi cha miti kilicho salama na kisicho salama. Kamba ya katani hukaza inapolowa na kulegea inapokauka, na Desemba ya mvua asubuhi na jua mchana huichosha upesi. Kamba za nailoni zilizofumuliwa kwenye magunia huoza kwa jua, rangi yake ikipauka na nyuzi zikawa na vumbi zinapokunjwa. Mipira ya tyubu za magari hubana vizuri ikiwa mipya, lakini hunyumbuka chini ya uzito. Waya wa kufungia nondo unashika, mradi uzungushwe mara nyingi na usikazwe kwa koleo hadi ukaribie kukatika pale unaposokotwa.

Msumari unastahili maneno ya peke yake kwa sababu ndio unaotumika zaidi. Msumari hubeba vizuri mzigo unaoukata kwa upande, na hubeba vibaya sana mzigo unaouvuta utoke. Sasa tazama kiunzi cha kawaida: mti wa ulalo, yaani ule unaokwenda sambamba na ukuta, umepigwa misumari miwili ya inchi nne kwenye nguzo, basi. Kila anayetembea juu yake anautikisa, na kila mtikiso unavuta misumari nje kidogo. Fundi mwangalifu hupigilia kipande cha mti chini ya makutano hayo, kikashikilia mti wa ulalo kwa chini, kisha akafunga kamba juu ya vyote. Kipande hicho cha sentimita 30 ambacho kingeishia jikoni kinafanya kazi kubwa kuliko msumari wa tatu.

Kwenye chuma mambo ni tofauti, na si yote ni afadhali. Mabomba ya viunzi yalienea baada ya fundi wa London, Daniel Palmer Jones, kutengeneza klempu ya kuunganishia mahali pa kamba. Kampuni yake ilifanya kazi ya Kasri la Buckingham mwaka 1913. Kipimo cha bomba lenyewe kimebaki kilekile karibu duniani kote: kipenyo cha nje milimita 48.3, unene wa chuma milimita 4 au 3.2. Lenye milimita 4 lina uzito wa kilo zipatazo 4.4 kwa kila mita.

Uzito huo ni wa kukumbukwa, kwa sababu madukani kuna bomba jingine la duara lenye kipenyo kinachokaribiana sana, lile la kutengenezea mageti na vitanda, lenye unene wa milimita 1.5. Klempu inalikubali bila ubishi. Ukilitazama kwa mbali likiwa limepakwa rangi huwezi kulitofautisha. Lakini bomba la kiunzi la mita 6 lina kilo kama 26, au 21 kwa lile la milimita 3.2, na la mageti lina kilo 10 tu na ushei. Kijana wa kawaida akilibeba bomba la mita 6 kwa mkono mmoja huku akipiga simu, lirudishwe dukani. Mabomba ya maji ya inchi moja na nusu nayo yana kipenyo hichohicho cha nje, na yaliyong'olewa kwenye njia ya zamani ya maji huweza kuwa yameliwa na kutu kwa ndani, mahali pasipoonekana. Chungulia ncha zote mbili, gonga, linganisha uzito na jipya.

Klempu nazo si moja. Ile ya kubebea mzigo, inayounganisha mabomba mawili kwa pembe mraba, huruhusiwa kubeba takriban kilo 600. Kuna ndogo yake ya kushikilia tu bomba la kukatiza lisiteleze, ambayo uwezo wake ni kama sehemu moja ya kumi ya hiyo. Anayekodi vifaa bila kujua hupokea mchanganyiko wa zote kwenye gunia moja na kufunga ile inayotangulia kutoka. Na zote hushika kwa msuguano. Saruji iliyoganda ndani ya taya, grisi, au nati yenye uzi uliolika, kila kimoja kati ya hivyo huifanya iteleze polepole chini ya mzigo. Alama yake ni mkwaruzo mpya unaong'aa kwenye bomba, juu kidogo ya klempu. Ukiuona, ondoa watu kwanza, halafu tafuta spana.

Nguvu ya bomba ina sharti moja ambalo mti mnene hauna sana. Bomba ni jembamba, na likisukumwa kutoka juu halivunjiki bali hupinda kwa upande ghafla. Likishikwa kila baada ya mita 2 linabeba mzigo mkubwa. Ukiliachia mita 4 bila kushikwa, uwezo wake unashuka hadi robo. Kwa hiyo anayefungua bomba moja la ulalo ili toroli lipite chini, akaahidi kulirudisha jioni, ameondoa robo tatu ya uwezo wa nguzo zilizo hapo, na kwa macho hakuna kilichobadilika.

Hukumu yangu ni hii. Kwa nyumba ya chini ya kawaida, ambayo mahali pa juu pa kusimama ni mita 3 hivi, mirunda iliyochaguliwa na kufungwa vizuri inatosha, na hakuna haja ya kuionea haya. Kazi ikifika ghorofa, au kuta ndefu za kanisa na ukumbi, nyumba ikihitaji majukwaa matatu au manne kwa kwenda juu, kodi chuma na ukodi na anayejua kukifunga. Nisichokikubali hata kidogo ni nusu kwa nusu: nguzo za bomba zilizounganishwa na miti ya ulalo kwa waya. Klempu imeundwa kwa bomba na haiushiki mti. Waya nao hauna mahali pa kujishika kwenye chuma laini, hivyo mti ulioning'inizwa hapo unateremka na mzigo wake.

Sasa ubao. Chukua kazi ya kweli ya kila siku: ukuta wa tofali za saruji za inchi sita umefika usawa wa lenta, na mwashi amesimama kwenye jukwaa akipandisha kozi za mwisho. Tofali moja ya aina hiyo iliyo nzima ina kilo kama 30. Miti ya kukatiza, ile inayotoka nje kuelekea ukutani na ambayo mbao zinalala juu yake, imewekwa kila baada ya mita 1.8. Mbao ni za paini, inchi moja kwa nane, zilezile zilizonunuliwa kwa ajili ya kufungia zege la lenta. Mwashi wa kilo 75 anapokea tofali mbili na kusimama nazo katikati ya ubao mmoja. Ni kilo 135 mahali pamoja.

Ukifanya hesabu ya kupinda kwa ubao huo, unakuta umefikishwa karibu na kiwango ambacho paini yenye vifundo huvunjika. Haujapita kiwango cha usalama kwa kidogo. Umekipita mara kadhaa, na unasubiri kifundo kibaya kikutane na mguu. Kwa nini basi hauvunjiki kila siku? Kwa sababu mara nyingi mwashi husimama kwenye mbao mbili kwa wakati mmoja, au karibu na mti wa kukatiza. Bahati hiyo huitwa uzoefu.

Badilisha ubao uwe wa inchi mbili, na mkazo unashuka hadi robo, kwa kuwa nguvu ya ubao hukua kwa unene kuzidishwa kwa unene. Hapa kuna kosa ninalolikuta mara kwa mara: watu hulaza mbao mbili za inchi moja, moja juu ya nyingine, wakahesabu kwamba sasa wana ubao wa inchi mbili. Hawana. Mbao mbili zisizogandamana huteleza moja juu ya mwenzake zinapopinda, kila moja ikibeba fungu lake, na jumla yake ni nguvu mara mbili tu badala ya mara nne. Kama hakuna ila mbao nyembamba, dawa ni kuongeza miti ya kukatiza chini yake, moja kila baada ya sentimita 90 au pungufu, na kuzilaza mbili mbili. Kwa ubao wa milimita 38, unaotumika sana kwenye viunzi vya kukodi, mita 1.2 ni nafasi ya kufaa. Wa milimita 50 unaweza kuvuka hadi mita 2 na zaidi.

Mzigo uliorundikwa ni jambo la pili. Kiunzi cha kazi za kawaida hukadiriwa kubeba kilo zipatazo 200 kwa kila mita ya mraba. Kipande kimoja cha jukwaa letu, mita 1.8 kwa mita 1, kingepaswa kuishia kilo 360. Wanaume wawili, karai moja la udongo wa saruji na tofali sita zinakijaza. Lakini msaidizi aliye chini hapendi kupandisha tofali mojamoja siku nzima, hivyo hupandisha 20 kwa mpigo ili apumzike. Tofali 20 peke yake ni kilo 600. Na huwa anazipanga katikati, mahali ambapo mwashi anazifikia kwa urahisi na ubao unaumia zaidi. Zikipangwa juu ya nguzo, pale mti wa kukatiza unapokutana nazo, mzigo uleule unaenda ardhini bila kupita kwenye ubao.

Unaweza kuisoma hali hii bila kupanda. Simama pembeni, ulaze jicho usawa wa mbao: zinazobeba kwa utulivu zinaonekana zimenyooka, zinazozidiwa zinaning'inia katikati. Tazama ncha. Ubao ukipita mti wa mwisho kwa zaidi ya mara nne ya unene wake, yaani sentimita 10 kwa ubao wa inchi moja na 20 kwa wa inchi mbili, atakayekanyaga ncha hiyo atauinua upande wa pili na kwenda nao chini. Ukipita kwa chini ya sentimita 5, mtikiso kidogo utautoa mahali pake. Mbao zisizofungwa kabisa ni hatari hata kama urefu wake uko sawa, hasa kwenye ukingo wa uwanda, ambako upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma huweza kunyanyua ubao mwepesi.

Halafu tazama ubao wenyewe. Kifundo kikubwa kinachofika ukingoni, ufa unaoanzia nchani, alama za moto, rangi iliyopakwa juu yake. Rangi na saruji iliyoganda huficha nyufa, hivyo ubao wa jukwaa uachwe mtupu. Upana wa kusimama uwe sentimita 60 angalau, na zaidi kama tofali zinakaa hapohapo. Nafasi kati ya mbao na ukuta isiweze kumeza mguu. Upande wa nje kuwe na mti wa kuzuia usawa wa kiuno, kama mita 1, na ubao wa kusimama kwa ukingo wa sentimita 15 ili tofali na mwiko visimdondokee aliye chini. Kwenye viunzi vya mirunda vitu hivi viwili karibu havipo kamwe, nami sijaona sababu isipokuwa kwamba havisaidii ukuta kupanda. Mtu aangukaye kutoka mita 3 anafika chini kwa kasi ya kilomita 28 kwa saa.

Mapipa na marundo ya tofali yaliyotandikwa mbao juu yake sitayaita jukwaa. Yanatumika, najua, hasa kwa lipu ya ndani. Pipa tupu hubonyea ghafla penye kutu, na rundo la tofali lisilo na udongo kati yake husogea kila mara unapopanda.

Sehemu ya tatu ya kutazama ni miguu. Mchanga wa uwandani ukiwa mkavu unabeba vizuri. Ukipigwa na maji ya paa lisilo na mfereji unachimbika mstari mmoja, na mstari huo hupita palepale nguzo za kiunzi ziliposimama. Bomba la chuma likisimamishwa juu ya mchanga bila kitu hukata kama kisu. Linahitaji bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15 chini yake, na chini ya bamba ubao mnene wa nusu mita au zaidi. Kipande cha tofali hakifai kwa kazi hiyo, kwani hupasuka katikati bila onyo. Baada ya kila mvua kubwa, kabla mtu hajapanda, mguu mmoja mmoja ukaguliwe, na kama mmoja umezama sentimita mbili kuliko wenzake, mzigo wake umeshahamia kwa jirani.

Mwisho wa ukaguzi, sukuma. Shika nguzo ya kona kwa mikono miwili usukume sambamba na ukuta. Kiunzi kisicho na miti ya mshazari kitalala upande huo chote kwa pamoja, pembe zake mraba zikigeuka kuwa za kuinama. Kisha kivute kutoka ukutani. Kama kinakuja, hakijafungwa kwenye jengo. Kwenye nyumba zenye madirisha wazi kukifunga si kazi: mti mmoja hukatiza upande wa ndani wa tundu la dirisha, na mwingine unaunganisha huo na kiunzi. Aina ya kiunzi inayoegemeza miti yake ya kukatiza kwenye matundu ya ukuta inahitaji tahadhari moja zaidi, nayo ni kwamba ukuta uliojengwa jana bado haujashika, na uzito wa jukwaa unaweza kuchomoa tofali ya juu yake.

Kisheria jukumu hili liko kwa mwajiri, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA. Mwenye nyumba wa Mkunya anayelipa mafundi kwa siku hajihesabu kuwa mwajiri, na fundi mkuu humwambia, "Mzee, hiki kiunzi wiki iliyopita kilitubeba wanne." Huenda ni kweli. Wiki iliyopita kamba zilikuwa kavu, mchanga ulikuwa mkavu, na mti wa mshazari ulikuwa haujatolewa ili toroli lipite.

Kushusha kiunzi huachiwa vijana, na huanzwa vibaya kwa sababu vifungo vya dirishani na miti ya mshazari ndivyo vilivyo karibu na mkono. Vikitoka kwanza, jukwaa lililobaki juu linasimama peke yake likiwa na watu. Mbao zitangulie, kisha miti ya kukatiza, kisha ya ulalo ya juu, na kifungo kibaki hadi ngazi iliyo juu yake imekwisha kuondoka. Mirunda ikifika chini, misumari ing'olewe siku hiyohiyo, ncha zilizopasuka zikatwe, na miti iegemezwe juu ya mawe, mbali na udongo, kwa ajili ya msimu ujao. Mti uliokwisha kutobolewa misumari mingi mahali pamoja upelekwe jikoni.